Shujaaz na Boyie: Historia Fupi ya Majina Mawili

Mwezi wa Februari mwaka 2010 lilizuka nchini Kenya jarida la hadithi za picha lililoitwa Shujaaz. Liligawiwa bure kila mwezi, likitiwa ndani ya gazeti la Jumamosi na kupatikana pia kwa mawakala wa M-Pesa. Lugha yake ilikuwa Sheng, na mhusika wake mkuu alikuwa Boyie, kijana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza shule na kukosa kazi. Boyie amejitengenezea mitambo ya redio chumbani mwake nyumbani kwa wazazi wake, na hewani hujiita DJ B. Wasikilizaji humjua kwa sauti, lakini hawajui kuwa ndiye yule kijana wa jirani aonekanaye hana shughuli.

Walimu wa Kiswahili wengi walilitazama jina la jarida hili kwa jicho la kulaumu. Shujaa ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na wingi wake ni mashujaa. Hiyo z imetoka wapi? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa sarufi badala ya hasira.

Kwa kawaida Sheng hulitwaa neno la kigeni na kulivika kiambishi chetu: vijana wa Nairobi husema machali kwa wavulana na madem kwa wasichana. Kiambishi ma- ndicho kinachoyafanya maneno hayo yawe ya kienyeji. Waliobuni Shujaaz waligeuza kanzu nje ndani: walilichukua neno lililokwisha zoeleka katika Kiswahili, wakaliondolea ma-, wakalipachika alama ya wingi ya Kiingereza mwishoni. Hapo ndipo penye mzaha. Kijana aliyezoea kusema machali huligundua pindu hilo mara moja, naye hucheka kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Tuitazame na herufi yenyewe. Kiingereza huandika s, lakini baada ya irabu hutamkwa z. Kuandika z ni mtindo uliopendwa na vijana wa muziki ng'ambo. Lakini pia ni kuandika kama isikikavyo, na hiyo ndiyo desturi ya tahajia yetu. Basi kosa lile lina utaratibu ndani yake, na herufi moja tu yatosha kulifanya jina lisisahaulike.

Mwaka ule ule, tarehe 27 Agosti, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi, na Sikukuu ya Kenyatta ya tarehe 20 Oktoba ikageuzwa kuwa Sikukuu ya Mashujaa. Kwa hiyo neno moja lilipata wingi wa namna mbili katika mwaka mmoja. Mashujaa walikuwa wale waliopigania nchi, wakumbukwao kwa gwaride na hotuba. Shujaaz walikuwa vijana wasio na kazi, nao walikuwa wakiishi katika nchi iliyotoka kumwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Jina lile liliwaambia kwamba ushujaa haujafungwa katika makaburi.

Jina la Boyie nalo lina uzito wake. Kijana hulisikia kama jina la utani la mtaani tu. Lakini kwa wazee, boi alikuwa mtumishi wa nyumbani, na zama za ukoloni hata mtu mwenye mvi aliitwa hivyo na mwajiri wake. Sasa jina lenye sauti hiyo hiyo linabebwa na kijana asiyetumwa na mtu, mwenye kusema na nchi nzima kutoka chumbani mwake. Tena Boyie na DJ B huanza kwa herufi moja; siri yote ya hadithi imefichwa katika B.

Hata hivyo hila hii ina mipaka. Jarida lilipoanzishwa Tanzania mwaka 2015, jina Shujaaz lilivuka mpaka, lakini Boyie hakuvuka. Mhusika mkuu wa huko akaitwa DJ Tee. Shujaa ni neno la Waswahili wote, ilhali jina la utani lina mtaa wake.

Darasani tatizo huonekana katika upatanisho. Mwanafunzi akiandika "Shujaaz wametoka leo", amewataja watu. Akiandika "Shujaaz limetoka leo", amelitaja jarida. Na akiandika "shujaaz wetu walipigania uhuru", amebeba jina la biashara na kuliweka mahali pa nomino. Mwalimu na asahihishe hapo kwa kurudisha mashujaa, kisha amwulize mwanafunzi kwa nini waliobuni jarida waliiacha ma-. Atakayejibu vyema atakuwa ameielewa ngeli ya JI-MA kuliko aliyeikariri.