Msasa

Kabla ya karatasi ya dukani, msasa ulikuwa jani. Mti uitwao msasa, wa jamii ya mitini, una majani yanayokwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Jina likahamia kwenye karatasi. Leo hata habari hupigwa msasa na mhariri.

Fundi anayenunua kiti kikuukuu cha mninga ili akiuze tena huunga kwanza miguu iliyolegea kwa gundi, ndipo apige msasa, maana gundi iliyovuja hukataa vanishi na kuacha baka. Huanza na namba 80 kuondoa vanishi ya zamani, huingia 120, humalizia na 220: namba ikipanda, chembe hupungua ukubwa. Anayeruka kutoka 80 hadi 220 huokoa muda, lakini vanishi ikipakwa mikwaruzo yote hujitokeza. Mibaya zaidi ni ile inayokata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata. Ifute mbao kwa kitambaa chenye unyevu, uitazame kwa mwanga wa ubavuni, utaiona mikwaruzo hiyo mapema. Kwa rangi nzito ya mafuta, 180 yatosha. Ukilainisha kupita hapo unainyima rangi mahali pa kushika.