Seva ya pamoja, seva pepe na jukwaa lenye usimamizi

Seva ya pamoja, seva pepe na jukwaa lenye usimamizi ni njia tatu za kupangisha tovuti, yaani kuiweka kwenye kompyuta iliyo hewani usiku na mchana ili mwenye kivinjari aifungue wakati wowote. Zinatofautiana kwa bei na kwa nguvu, lakini kampuni ndogo isiyo na fundi wa kudumu inapaswa kwanza kujiuliza: kitu kikiharibika saa nane usiku, ni kazi ya nani kukitengeneza? Kwenye seva ya pamoja ni kazi ya mwenye seva. Kwenye seva pepe ni ya mpangaji mwenyewe. Kwenye jukwaa ni ya mwenye jukwaa, ila kwa yale tu aliyoyataja katika masharti yake.

Makala hii inatumia mfano wa kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro yenye ofisi Moshi. Tovuti yake imejengwa kwa WordPress, ina kurasa kama 30, picha nyingi, fomu ya kuulizia bei, na anwani 8 za barua pepe zenye jina la kampuni. Wanaoifungua wengi wako Ulaya na Marekani, na siku ya kawaida hawazidi 300. Hesabu zinazofuata ni za mfano, ila zinafanana na zile fundi anazokutana nazo kazini.

Seva ya pamoja

Hapa kompyuta moja hubeba tovuti za mamia ya wateja. Hilo liliwezekana kwa wepesi baada ya toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa 1997, kukilazimisha kila kivinjari kutaja jina la tovuti kinayoitaka katika ombi lake. Tangu hapo tovuti nyingi zinaweza kukaa kwenye anwani moja ya IP, na seva ikajua ni ipi inayoitwa. Mteja hapewi kompyuta; anapewa akaunti na paneli ya kuisimamia, mara nyingi cPanel, ambamo anafungua anwani za barua pepe, anapakia mafaili na kutengeneza hifadhidata kwa kubofya.

Matangazo husifu diski kubwa na data isiyo na kikomo. Kinachobana kwa kweli ni kitu kingine: akaunti inaruhusiwa kuendesha maombi mangapi kwa wakati mmoja, na kutumia kichakataji kwa kiasi gani. Kampuni nyingi za kupangisha hutumia mfumo wa CloudLinux, ambao huifungia kila akaunti ndani ya mipaka yake ili jirani mmoja asiwamalize wengine. Mpaka wa maombi ukijaa, mgeni huona maandishi `508 Resource Limit Is Reached`. Paneli nayo huonyesha grafu ya matumizi, na mstari uliogonga dari hauhitaji mtaalamu kuusoma.

Tuseme ukurasa mmoja wa WordPress unatumia nusu sekunde ya kichakataji kutengenezwa. Akaunti yenye kiini kimoja itatengeneza kurasa 2 kwa sekunde, sawa na 172,800 kwa siku. Wageni 300 wa Moshi wakifungua kurasa 5 kila mmoja, jumla ni 1,500. Hata wote wakija ndani ya saa mbili za jioni, bado hawafiki ukurasa mmoja kila sekunde nne. Ukiongeza plagini ya kache, inayohifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa na kuutoa kama faili tu, kazi ya kichakataji karibu inaisha.

Basi maandishi ya 508 yanatoka wapi? Mara nyingi si kwa wageni. Fungua kumbukumbu za maombi na utakuta anwani chache zinagonga `wp-login.php` au `xmlrpc.php` mfululizo: ni roboti zinazobahatisha nenosiri. Kurasa hizo haziwekwi kwenye kache, kwa hiyo kila pigo linaamsha PHP na hifadhidata. Kufunga `xmlrpc.php` na kuweka kikomo cha kujaribu kuingia hutibu tatizo ambalo wengi hulitibu kwa kununua kifurushi kikubwa zaidi. Muuzaji hatakukatalia ukitaka kukinunua.

Udhaifu wa kweli wa seva ya pamoja uko kwenye barua pepe. Jirani akituma taka, anwani ya IP mnayoshiriki inaweza kuingia kwenye orodha nyeusi kama ile ya Spamhaus, na bei uliyomtumia mteja wa Ujerumani ikarudi bila kusomwa. Ujumbe wa kurudishwa hutaja anwani ya IP na orodha iliyoikataa. Usome kabla ya kumlaumu mteja kwa ukimya.

Seva pepe

Seva pepe ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu, kila sehemu ikiwa na mfumo endeshi wake na kumbukumbu iliyotengewa. Programu ya Xen ilitoka 2003, na KVM iliingizwa ndani ya Linux yenyewe 2007. Kuanzia hapo bei zilishuka hadi ngazi ya duka dogo. Mpangaji anapata mamlaka yote ya seva, na pamoja nayo kazi zote: masasisho ya usalama, ukuta wa moto, vyeti vya HTTPS, nakala za akiba.

Bei ya seva pepe ya chini kabisa hufanana na ya seva ya pamoja, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Tuhesabu seva yenye kumbukumbu ya GB 1. Mfumo wenyewe unachukua MB 150, hifadhidata ya MySQL MB 400. Zinabaki takriban MB 450. Kichakato kimoja cha PHP kinachoendesha WordPress yenye plagini kadhaa hula MB 60, hivyo vinaingia 7. Ubuntu, kwa mpangilio wake wa awali, huruhusu vichakato 5, na mpangilio huo una busara. Fundi anaona tovuti inasita, anapandisha `pm.max_children` hadi 20, na mambo yanakuwa mazuri kwa wiki kadhaa. Siku wageni wanapojazana, vichakato 20 vinadai MB 1,200 ambazo hazipo. Linux hujiokoa kwa kuua kichakato kinachokula kumbukumbu nyingi, na mara nyingi hicho ni hifadhidata. Mgeni anaona `Error establishing a database connection`.

Mtu akiwasha seva upya, inapona. Kesho yake inakufa tena, anaiwasha tena, na mchezo huo unaweza kwenda msimu mzima. Ushahidi uko kwa amri moja:

```
sudo dmesg -T | grep -i "killed process"
```

Ikijibu kwa mstari wenye `(mysqld)`, ugonjwa ni kumbukumbu, na tiba ni kupunguza vichakato au kununua GB 2. Ikumbukwe kuwa amri hii husoma kumbukumbu za tangu seva ilipowashwa mara ya mwisho, kwa hiyo iendeshe kabla ya kuizima.

Kuna jambo jingine linalowashtua wanaohama. Watoa huduma wengi wa seva pepe huzuia mlango wa 25, unaotumiwa na seva kupelekeana barua pepe, ili kuwakata watuma taka. Fomu ya kuulizia bei iliyokuwa ikituma barua bila shida sasa inamwambia mgeni kwamba ujumbe umepokelewa, na ofisini hakufiki kitu. Dawa ni kuituma fomu kupitia huduma ya barua pepe yenye kuingia kwa nenosiri, kwa kawaida mlango wa 587.

Seva pepe inafaa pale kampuni ina programu yake inayotakiwa kuendeshwa bila kukoma, kwa mfano mfumo wa kupanga safari na wabeba mizigo ulioandikwa kwa Python, na ina mtu anayelipwa kuutunza. Bila mtu huyo, bei yake nafuu ni ya kudanganya.

Jukwaa lenye usimamizi

Majukwaa ni ya aina mbili. Ya kwanza, kama Heroku iliyoanzishwa 2007, hupokea msimbo wa programu na kuuendesha. Mteja haigusi seva. Ya pili ni ya WordPress peke yake: mwenye jukwaa anasasisha, anaweka kache, anachukua nakala za akiba kila siku, na mara nyingi anatoa nakala ya majaribio ya kufanyia mabadiliko kabla ya kuyaweka hadharani. Kwa kampuni isiyo na fundi, aina hii ya pili ndiyo ya kulinganishwa na seva ya pamoja. Bei yake huwa mara kadhaa zaidi.

Aina ya kwanza ina mtego mmoja mkubwa. Diski ya Heroku ni ya muda, na programu huwashwa upya angalau mara moja kwa siku. Picha ya kilele cha Uhuru iliyopakiwa asubuhi haipo kesho, isipokuwa programu iliandikwa kuihifadhi kwenye ghala la nje. WordPress ya kawaida haikuandikwa hivyo.

Majukwaa mengi hayatoi barua pepe. Hapa hutokea ajali ambayo kila fundi wa tovuti ameiona: kampuni inahamisha usimamizi wa jina la kikoa kwenda kwenye jukwaa, tovuti inafunguka vizuri, na barua zinakoma kuingia kwa sababu rekodi za MX hazikunakiliwa. Amri `dig +short MX` ikifuatwa na jina la kikoa ikirudi tupu, sababu imepatikana.

Umbali

Kampuni ya Moshi haipotezi kitu kwa kuwa na seva Ulaya, kwani wateja wake wengi wako Ulaya na Marekani. Duka la dawa la Dar es Salaam linauza kwa watu wa Dar, na kwake hesabu ni nyingine. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na mtandao ukadorora Tanzania, Kenya na majirani. Siku kama hiyo tovuti iliyo ndani ya nchi ina nafasi ya kuendelea kufunguka kwa watu wa nchi hiyo. Iliyo ng'ambo inangoja waya.

Uamuzi kwa mfano huu

Kwa hesabu zilizotangulia, kampuni ya Moshi ibaki kwenye seva ya pamoja, iweke kache, ifunge milango ya roboti, na itenganishe barua pepe na tovuti kwa kuzipeleka kwenye huduma mahususi. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la kampuni, si la fundi. Nakala ya akiba ya kila wiki ikae nje ya seva, na ijaribiwe kurejeshwa, maana nakala ya mtoa huduma mara nyingine hulala kwenye mashine ileile. Sababu ya kwenda kwenye jukwaa la WordPress itakuja tovuti itakapoanza kupokea malipo, au grafu ikigonga dari ilhali kache inafanya kazi na roboti zimezuiwa.

Siku ya kuhama ikifika, TTL ya rekodi ya A ishushwe hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla. Mafaili na hifadhidata vinakiliwe, na tovuti mpya ikaguliwe kwa kuandika anwani yake ya IP kwenye faili la `hosts` la kompyuta ya ofisini, wakati dunia nzima bado inaona ya zamani. Jaribu fomu ya bei hapo hapo. Kisha ibadilishwe rekodi ya A peke yake, MX isiguswe, na akaunti ya zamani ilipiwe mwezi mmoja zaidi.