Retkoni ni nini? Namna seri inabadilisha mambo ya zamani

Unafuata seri miaka na miaka. Siku moja, mtu uliyemuona akikufa kwa macho yako anarudi mzima, eti hakukufa. Waandikaji wa seri wako na jina la kitu hicho: retkoni. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kurudi nyuma katika hadithi na kubadilisha jambo lililokwisha kusemwa. Si kusahau, wanafanya kwa makusudi.

Kuna retkoni watu wanameza, na kuna ile wanatapika. Tofauti iko wapi?

Tuanze na Star Wars. Katika filamu ya 1977, mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba Darth Vader ndiye aliua baba yake. Mu 1980, Vader mwenyewe anasema: baba yako ni mimi. Jambo hilo halikupangwa tangu mwanzo, kwani katika andiko la kwanza la filamu hiyo ya pili, baba ya Luke alikuwa mtu mwingine. Lakini watu walikubali. Juu ya nini? Juu hatukumuona Vader akiua baba huyo. Tulisikia tu maneno ya mzee, na mzee anaweza kuficha ukweli ili kijana asiumie. Ukirudia filamu ya kwanza leo, hakuna kipande kinachoanguka. Tena uso wa mzee wakati anajibu unaonekana kama wa mtu anayeficha kitu.

Sasa angalia Dallas, seri ya Amerika. Mwezi wa tano 1985, Bobby Ewing anagongwa na gari na kufa hospitalini, familia ikimzunguka, kwa sababu mwigizaji wake, Patrick Duffy, alitaka kuondoka. Seri ikaendelea bila yeye mwaka mzima, epizodi 31, na watazamaji wakapungua. Duffy akarudishwa. Mwezi wa tano 1986, Pam, aliyekuwa bibi yake, anaamka, anafungua mlango wa bafu: Bobby huyu, anaoga! Miezi minne nyuma yake, tukaelezwa kwamba kifo na mwaka ule wote vilikuwa ndoto ya Pam.

Watu walifurahi kumuona Bobby, lakini wengi walikasirika. Ndoa, ugomvi, machozi ya epizodi 31, vyote vilifutwa. Na Knots Landing, seri ndugu ya Dallas, haikufuata: kule Bobby alibakia maiti. Kwa hiyo seri mbili za familia moja hazikupatana tena.

Basi, siku seri yako itageuza jambo, jiulize: lile la zamani nililiona, ao niliambiwa tu? Neno la mtu katika hadithi linaweza kuwa uongo. Lakini kile mtazamaji aliona na kulilia, ukikifuta, umefuta na wakati wake.