Wachache Waliobaki
Nikisoma jaribio la streptomaisini la Uingereza, lililochapishwa mwaka 1948, nasimama kwenye hesabu ya vifo. Kati ya wagonjwa 55 wa kifua kikuu waliodungwa, 4 walikufa ndani ya miezi 6. Kati ya 52 wasiodungwa, 14. Baada ya miaka 5, tofauti hiyo ilikuwa karibu kufutika.

Bakteria wachache sugu walikuwemo mapafuni tangu mwanzo. Dawa moja iliwaua wenzao, ikawaachia uwanja. Ndiyo maana leo dawa huchanganywa.

Sasa kipimo cha vinasaba hubaini usugu wa rifampisini kwa takriban saa 2. Lakini tiba ya kifua kikuu sugu kwa miaka mingi ilifikia miezi 20, na sindano zake, ndugu za streptomaisini, ziliweza kuleta uziwi; hivyo masikio yalipimwa mara kwa mara.