Bei haikushuka, ni tofauti ya ubadilishaji

Tuseme hoteli ya Malindi ilipokea pampu na ankara ya dola 10,000 kutoka ng'ambo mwishoni mwa Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160. Vitabuni pampu na deni viliandikwa 1,600,000. Mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu 132, na benki ikatoa 1,320,000. Wengi wangesema bei imeshuka. Sivyo: bei ni ile ile, dola 10,000. Zile 280,000 zilizobaki ni faida ya tofauti ya ubadilishaji.

Mtu atauliza: kwa nini pampu isiandikwe kwa pesa zilizotoka kweli? Kwa sababu kununua ni uamuzi mmoja, na kuchelewa kulipa ni mwingine. Aliyelipa siku ile ya kupokea hana tofauti yoyote. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 21 huipeleka tofauti hiyo kwenye faida au hasara ya kipindi, na pampu hubaki na thamani yake ya kwanza. Shilingi ingedhoofika, neno lingekuwa hasara, wala si "bei imepanda".