Kusawazisha na kulainisha

Katika usimamizi wa miradi, kusawazisha rasilimali na kulainisha rasilimali ni maneno yanayochanganywa mno, ilhali histogramu, yaani chati ya nguzo zinazoonyesha saa za kazi za kila siku, huyatenganisha waziwazi. Tuseme fundi umeme mwenye uwezo wa saa 8 kwa siku amepangiwa kutandaza nyaya Jumatano na Alhamisi, kazi isiyoweza kuchelewa, na siku hizohizo afunge taa za nje, kazi yenye muda wa akiba wa siku 1 tu, huku mradi ukitakiwa kukamilika Ijumaa. Nguzo za siku hizo mbili hufika 16.

Kulainisha husogeza kazi ndani ya muda wa akiba pekee, kwa hiyo taa huhamia Alhamisi na Ijumaa, Jumatano hushuka hadi 8, lakini Alhamisi hubaki 16, na hapo ndipo kikomo cha njia hii huonekana. Kusawazisha hutanguliza uwezo wa fundi, hivyo taa hufungwa Ijumaa na Jumamosi, kila nguzo hutua kwenye 8, na mradi huchelewa siku 1, jambo ambalo mwenye mradi anastahili kuelezwa mapema.