Nafsi Inayopanuka: Historia ya Wazo Kuhusu Mapenzi Yanayodumu

Mwaka 1890, mwanafalsafa wa Marekani William James alichapisha kitabu chake kikuu cha saikolojia. Humo alieleza kuwa nafsi ya mtu haikomei mwilini mwake, bali hukusanya kila anachokiita chake: mke, watoto, marafiki na hata nyumba. Ni katika fikra hiyo kwamba nadharia ya upanukaji wa nafsi ilipata mzizi.

Takriban karne moja baadaye, mwaka 1986, wanasaikolojia Arthur Aron na mkewe Elaine waliijenga nadharia yenyewe kitabuni. Walisema binadamu hutamani kuongeza uwezo, maarifa na mitazamo, na kumpenda mtu ni njia mojawapo: ya mwenzio huwa yako. Wakati wa uchumba ongezeko hilo huja kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo raha yenyewe. Wakishazoeana, ya kugundua hupungua, na furaha hufifia hata pasipo ugomvi. Tiba ikawa wazi: wapanuke tena pamoja, ili kila mmoja auhusishe msisimko huo na mwenzake.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya kupima. Katika utafiti wa mwaka 1993, wanandoa 53 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa wiki 10, saa moja na nusu kila wiki, baadhi walifanya mambo waliyoyaona ya kusisimua, wengine mambo ya kupendeza tu, na kundi la tatu halikupewa lolote. Waliosisimka waliridhika zaidi na ndoa zao kuliko waliostarehe tu.

Mwaka 2000, Aron na wenzake walitoa matokeo ya maabara. Wenzi walifungwa pamoja kwa mikanda kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa kwenye magodoro ya mita 9 na kuvuka kizuizi, huku wakiubana mto katikati ya miili yao bila kuushika kwa mikono. Wengine walipewa kazi ya kuchosha ya kusukuma mpira polepole. Kwa dakika 7 tu, waliotambaa walionesha ongezeko kubwa zaidi la kuridhika na uhusiano wao.

Mwaka 2009 swali likawa la muda mrefu. Kati ya wanandoa 123, walioona ndoa imechosha katika mwaka wa 7 wa ndoa hawakuridhika sana kama wengine katika mwaka wa 16. Ukaribu uliopungua ulieleza sehemu kubwa ya matokeo hayo.

Tafiti hizi zilifanyika Marekani, nyingine kwa muda mfupi, na hazikudai kuponya ndoa yenye dharau au kipigo. Zilichoonesha ni hiki: starehe iliyozoeleka haitoshi. Chagueni jambo ambalo nyote wawili hamjalizoea, na mlifanye pamoja.